Damu Nyekundu Isiyolisha Mwili: Sumu ya Gesi ya Makaa

Mtu akizama ziwani au akikabwa koo, midomo yake na kucha zake hugeuka rangi nzito ya samawati iliyo karibu na weusi, na kila amwonaye hutambua mara moja kwamba amekosa hewa. Lakini mtu aliyekufa kwa gesi ya makaa huweza kukutwa kitandani akiwa na ndani ya midomo nyekundu, viganja vyekundu na kucha nyekundu, kama mtu aliyetoka kuota jua. Ndugu zake husema, "Huyu hakukosa hewa, tazameni damu yake ilivyo nzuri." Ndipo watu huanza kutafuta aliyemroga au aliyemtilia sumu katika chakula. Kumbe naye alikosa hewa vilevile, na wekundu ule wenyewe ndio ushahidi. Katika makala haya tutaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa pamoja, kwani asiyelielewa jambo hili huweza kumtazama mwenzake anayekufa na kudhani kwamba amelala tu.

GESI HII YATOKA WAPI?

Kitu chochote chenye kaboni kikiungua vizuri, yaani makaa, kuni, petroli, dizeli au makapi ya miwa, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni. Hewa isipotosha, chembe ya kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni. Gesi inayozaliwa hivyo huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho au koo. Moshi hukufanya ukohoe na ukimbie, lakini gesi hii haikwambii neno.

Wengi wetu tunaokaa Bugembe katika vyumba vya kupanga hupikia sigiri. Tumezoea kuamini kwamba hatari imo katika moshi, na kwamba makaa yakishashika yakawa mekundu bila moshi, sigiri inaweza kuingizwa ndani. Kinyume chake ndicho kweli. Hewa ikipenya chini ya makaa mekundu huungua kwanza vizuri, kisha ikipanda juu kupita katikati ya makaa ya moto hupokonywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kuwa gesi hii. Ule mwali mdogo wa samawati unaoucheza juu ya sigiri ni gesi yenyewe ikiungua. Makaa yakipoa kidogo na mwali ukatoweka, gesi huendelea kutoka, ila sasa haiungui tena. Inaingia chumbani nzima nzima.

MFANO WA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Hewa iliyomo ni lita 22,500. Mvua inanyesha usiku, wenzetu wawili wametoka zamu ya jioni wamelowa, wamepika, na sigiri bado ina makaa. Wanaiingiza ndani ili wapate joto na nguo zikauke. Wanafunga dirisha, na chini ya mlango wanasokomeza gunia ili maji yasiingie.

Kilo moja ya makaa katika sigiri ya kawaida huweza kutoa gramu 200 hivi za kaboni monoksaidi. Tuseme katika saa ya kwanza zinaungua gramu 100 tu za makaa, kadiri ya konzi mbili. Hizo zitatoa gramu 20 za gesi, ambazo ni lita 17 na nusu. Ukizigawa katika lita 22,500 za hewa ya chumba, unapata karibu sehemu 780 katika kila milioni. Kwa macho ya mtu hilo ni jambo dogo sana, chini ya sehemu moja katika elfu. Oksijeni ya chumba haijapungua kiasi cha kuonekana, na taa ya mafuta inaendelea kuwaka sawasawa. Kwa hiyo wale wanaojaribu hewa kwa kuwasha kibiriti wasijidanganye, maana kibiriti hakiwezi kuonyesha gesi hii kwa kadiri inayoua.

Katika hewa ya namna hiyo mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kabla ya saa moja kupita. Akikaa saa mbili au tatu huzimia, na asipotolewa hufa. Aliyekwisha kulala hapati hata hicho kichwa cha kumwonya. Watoto wadogo huathirika mapema kuliko wakubwa, kwa sababu hupumua kwa haraka zaidi wakilinganishwa na ukubwa wa miili yao.

VITI VINNE VYA DAMU

Sasa tuingie ndani ya mwili. Wekundu wa damu watokana na kitu kiitwacho hemoglobini kilichomo ndani ya chembechembe nyekundu. Tuifikirie hemoglobini kama gari dogo lenye viti vinne. Katika mapafu oksijeni hupanda, viti vyote vikajaa. Gari husafiri hadi kwenye misuli, moyo na ubongo, ambako abiria hushuka. Kisha hurudi mapafuni kuchukua wengine.

Kaboni monoksaidi hupanda viti hivyo hivyo, lakini hung'ang'ania kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hii ndiyo sababu kiasi kidogo huleta madhara makubwa. Oksijeni ni sehemu 210,000 katika kila milioni ya hewa, lakini gesi iliyo chini ya sehemu 1,000 tu, ikipewa muda wa kutosha, huweza kunyakua nusu ya viti vyote vya damu.

Hapa ndipo penye fumbo la rangi. Rangi ya hemoglobini hufuata kama kiti kimekaliwa au kiko tupu. Kiti chenye oksijeni hufanya damu iwe nyekundu angavu. Kiti kitupu huifanya iwe nyeusi-nyeusi, kama rangi ya zambarau iliyoiva. Kiti chenye kaboni monoksaidi nacho ni nyekundu, hata pengine chenye kupendeza kuliko cha kwanza. Rangi haiwezi kukuambia ni abiria gani aliyeketi. Inakuambia tu kwamba kiti hakiko tupu.

Aliyekabwa koo huwa wa samawati kwa sababu oksijeni yake imeshuka kwa watu wake na hakuna nyingine iliyopanda, kwa hiyo viti ni vitupu. Lakini aliyepata gesi ya makaa, damu yake inafika kwenye ubongo ikiwa nyekundu na inatoka kwenye ubongo ikiwa bado nyekundu, kwa kuwa abiria hakushuka. Wekundu wa damu inayorudi moyoni si dalili ya afya. Ni dalili ya mzigo usioshushwa.

KWA NINI NUSU YA DAMU HAITOSHI?

Mtu anaweza kuuliza: kama nusu ya viti bado ina oksijeni, kwa nini mtu aanguke? Huku kwetu Busoga twawafahamu watu waliopungukiwa damu kwa malaria au safura hadi wakabaki na nusu ya damu ya kawaida. Hao huchoka upesi, moyo huwaenda mbio wakipanda kilima, lakini hutembea, huongea, na wengine huenda shambani. Ila mtu ambaye nusu ya damu yake imeshikwa na gesi hawezi kusimama. Kwa nini?

Damu ya mtu mzima mwenye afya hubeba karibu mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100. Mwili uliopumzika hushusha mililita 5 hivi, na zilizobaki ni akiba. Mwenye upungufu wa damu anabeba 10 tu, lakini magari yake machache yote ni mazima: yakifika hushusha 5 zinazotakiwa bila taabu. Aliyevuta gesi naye ana 10, lakini magari yake yameharibika. Gesi inapokaa katika kiti kimoja au viwili, huifanya hemoglobini yenyewe ikaze viti vilivyobaki, na oksijeni iliyoko humo ikawa kama abiria aliyefungiwa mlango. Ili iachiwe, lazima oksijeni katika misuli na ubongo ishuke chini mno, kiasi ambacho ubongo hauwezi kuvumilia. Kwa hiyo oksijeni imo katika damu, inapita karibu kabisa na wenye njaa, na haiwafikii.

Moyo ndio hupata shida mapema, kwa kuwa hata wakati wa mapumziko wenyewe hushusha zaidi ya nusu ya oksijeni inayoupitia, na hauna akiba ya kutegemea. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa moyo huweza kufa kwa kiasi cha gesi ambacho kimemletea mwenzake maumivu ya kichwa tu. Isitoshe, sehemu ya gesi huingia ndani ya misuli na ndani ya seli zenyewe, ikazuia mahali pale oksijeni inapotumika.

Jambo lingine la kutisha ni kwamba aliyevuta gesi hasikii kubanwa pumzi. Kengele za mwili zinazotufanya tuhemee hewa husikiliza hewa chafu inayobaki katika damu, na oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu. Zote mbili ziko sawa, kwani mapafu yanafanya kazi. Kengele hazihesabu viti. Kwa hiyo mtu husikia uzito, miguu kulegea na usingizi, na huona vema ajilaze kidogo. Akigutuka na kutaka kutoka nje, miguu haimchukui. Wengi hukutwa wameanguka baina ya kitanda na mlango.

ALIYEPIMA KWA MWILI WAKE

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza katikati ya karne ya 19 kwamba gesi hii huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kisha John Scott Haldane, kutoka Uskochi, aliivuta mwenyewe katika maabara mwaka 1895, akiwa anachukua damu yake na kuandika alivyojisikia. Nusu ya damu yake iliposhikwa, alishindwa kutembea bila kuyumba, na akili yake haikuwa timamu, ingawa kabla ya hapo alikuwa akijiona hana neno.

Mwaka uliofuata, 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown huko Wales ulilipuka wakafa watu 57. Haldane aliwachunguza maiti akaona kwamba wengi hawakuuawa na mshindo wala moto, bali na gesi hii iliyobaki baada ya moto, na wekundu wa damu yao ulimsaidia kuthibitisha. Alishauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, kwa kuwa hao hupumua upesi na huanguka kabla ya mtu. Ndiyo asili ya wale ndege wa njano waliobebwa migodini Uingereza hadi miaka ya 1980.

Ndugu wafanyakazi, usiungojee wekundu kwa mtu aliye hai. Huonekana zaidi kwa maiti, na kwa walio hai ambao wamekaribia kufa. Mgonjwa wa kawaida wa gesi hii hana rangi yoyote ya ajabu, na kwenye ngozi nyeusi ni vigumu zaidi kuiona, ila ndani ya midomo na kope, viganjani na chini ya kucha.

KAZINI NA KATIKA DISPENSARI

Kwa kuwa rangi haisaidii, twahitaji dalili nyingine. Gesi hii huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na mwili kulegea. Kila mmoja wetu akisikia hivyo husema "ni malaria", na mara nyingi huwa ni malaria. Lakini angalieni mambo matatu. Kwanza, joto la mwili halipandi. Pili, wanaumwa wengi kwa pamoja mahali pamoja, mathalani wote wa karibu na tanuru, au wote wa bohari ambamo jenereta imewashwa kwa sababu umeme umekatika. Malaria haiwaangushi watu wanne wa zamu moja ndani ya saa moja. Tatu, mgonjwa hupata nafuu akitoka nje au siku ya mapumziko, na huugua tena akirudi mahali pale.

Kumbukeni pia kwamba afanyaye kazi ngumu hupumua mara tatu au nne zaidi ya aliyekaa, kwa hiyo anayebeba magunia katika bohari hiyo ataanguka mapema kuliko karani aliyeketi mezani. Na jenereta au pampu ya petroli isiteremshwe kisimani, wala isiwashwe ndani ya jengo hata kama milango miwili iko wazi.

Siku hizi dispensari nyingi zina kile kibanio kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Ni chombo kizuri, lakini kwa ugonjwa huu hudanganya, kwa sababu nacho husoma rangi. Kikiona viti vyekundu huhesabu vyote kuwa vya oksijeni. Huweza kuandika 98 kwa mia kwa mtu ambaye theluthi ya damu yake ni sumu. Kwa hiyo mwambieni mganga waziwazi: "Huyu ametolewa mahali penye makaa," au "penye injini." Neno hilo lina thamani kuliko kibanio. Kipimo cha kweli ni cha damu, katika mashine ya hospitali kubwa inayotenganisha rangi za viti. Pasipo na mashine hiyo, mganga ataanza tiba kwa kufuata habari aliyopewa.

Tiba yenyewe ni oksijeni. Mtu akitolewa nje tu, gesi hupungua hadi nusu kwa muda wa saa nne au tano. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa inayobana usoni, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi, kwa kuwa oksijeni nyingi husukuma gesi itoke vitini. Mama mjamzito apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri, maana damu ya mtoto tumboni huikamata gesi kwa nguvu zaidi na huiachia polepole kuliko ya mama.

Wengine humnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayafiki katika viti vya damu, na aliyezimia huweza kupaliwa akafa. Wengine huweka beseni la maji karibu na sigiri ili "linywe gesi". Gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana. Kitambaa kilicholowa puani nacho hakiizuii, wala barakoa ya vumbi.

Ukimkuta mwenzako ameanguka chumbani, fungua mlango na dirisha, mvute nje, kisha sigiri itolewe. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie pumzi na utume mtu akatafute gari. Lakini kama ameanguka ndani ya tangi, shimo au njia ya moshi ya boila, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, na kamba mkononi mwa watu walio nje. Anayeingia kumwokoa mwenzake hupanda viti vilevile.

Mgonjwa akiamka, mambo hayajaisha. Baadhi ya watu hupona kabisa, kisha baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa huanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea kwa taabu. Aliyewahi kuzimia arudishwe kwa daktari akiona mabadiliko hayo, na tukio la awali litajwe.

USHAHIDI HUPOTEA KWA SAA

Liko jambo moja la mwisho ambalo ni la chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi na hatari za mahali pa kazi, na Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 yahusu aliyeumia kazini. Lakini gesi hii huondoka katika damu yenyewe. Aliyezimia saa mbili usiku, akapimwa kesho saa nne asubuhi, damu yake itakuwa karibu ya kawaida, na cheti kitaandikwa malaria au uchovu. Kwa hiyo damu ichukuliwe mapema, ikiwezekana kabla ya oksijeni lakini bila kuchelewesha oksijeni hata dakika moja, na chupa yake ifungwe vizuri. Mwakilishi wa tawi aandike mara hiyo saa ya kuanguka, saa ya kutolewa, saa ya kuchukuliwa damu, ni injini au moto gani uliokuwa ukiwaka, milango ipi ilikuwa imefungwa, na nani wengine waliumwa kichwa.

Hali kadhalika, palipo na tanuru, boila au jenereta, mwajiri aombwe kifaa cha kupima gesi hii chenye king'ora. Kwa muda mrefu nchi nyingi ziliruhusu sehemu 50 katika milioni kwa zamu ya saa nane, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeshusha kiwango hicho hadi 20. Pua zetu haziwezi kuhesabu 20 wala 780, na kama tulivyoona, hata macho ya daktari yanayotazama damu nyekundu hayawezi.